Usajili Uliofutwa na Kadi Inayoendelea Kukatwa

Malipo ya kujirudia ni utaratibu ambao mwenye kadi ya benki humruhusu mfanyabiashara, kwa idhini ya mara moja, kuchukua fedha katika akaunti yake kila mwezi au kila mwaka bila kumwomba tena nambari ya siri wala ujumbe wa kuthibitisha. Kwa njia hiyo hulipiwa filamu za mtandaoni, nafasi ya kuhifadhi picha, programu za uhasibu, masomo ya lugha na magazeti ya nje, na makubaliano ya namna hiyo ndiyo yanayoitwa usajili wa kulipia. Mazungumzo haya yanahusu hali moja tu: mteja amekwisha kuufuta usajili wake, lakini tarehe ya malipo inapofika simu inaita na ujumbe wa benki unamwarifu kwamba fedha zimekatwa kama kawaida.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo hutokea, inafaa kutazama nani anayeanzisha muamala. Katika agizo la kudumu, yaani maelekezo ambayo mteja huiachia benki imlipie kodi ya nyumba au mkopo kila mwisho wa mwezi, fedha husukumwa na benki yenyewe, na benki ikiambiwa iache, huacha. Malipo ya kadi huenda kinyume chake, kwa kuwa mfanyabiashara ndiye anayezivuta: yeye hutunza nambari ya kadi, au hutunza tokeni, ambayo ni nambari mbadala inayotolewa na mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard ili nambari halisi isizagae, na siku ikifika hutuma ombi kupitia benki yake, likapita katika mtandao wa kadi, likafika katika benki iliyotoa kadi. Ombi hilo hubeba kiasi, jina la mfanyabiashara na alama ya kuonyesha kwamba ni malipo ya kujirudia, lakini halibebi habari yoyote kuhusu mteja kufuta usajili, kwa sababu habari hiyo imo katika kompyuta za mfanyabiashara peke yake. Benki ikiona kadi ni hai na fedha zipo, hulikubali. Idhini ya kadi, kwa hiyo, ni kama hundi iliyotiwa saini ikaachwa kwa mwenye duka, na kumwambia mwenye duka kwamba mteja haji tena hakuiondoi hundi hiyo katika mtoto wa meza.

Kwa sababu hiyo, kufuta usajili na kuondoa idhini ya kukata kadi ni mambo mawili, nayo hufanyika mahali pawili tofauti. Wateja wengi hufanya la kwanza wakadhani wamefanya yote mawili, na wengine hawafanyi hata moja, bali hutumia njia za mkato ambazo zinastahili kuelezwa kwa sababu ndizo zinazoshauriwa zaidi mitaani.

Njia ya kwanza ya mkato ni kuondoa programu kwenye simu. Duka la programu la Google na lile la Apple yote mawili hueleza wazi kwamba kuiondoa programu hakufuti usajili wake, na anayetaka kuufuta lazima aingie katika sehemu ya usajili ndani ya akaunti yake ya duka lenyewe. Njia ya pili ni kuiacha akaunti bila fedha, nayo ina kasoro kubwa zaidi, kwa kuwa jibu la upungufu wa salio, ambalo katika mtandao wa Visa hutumwa kwa alama ya 51, linahesabiwa kuwa kikwazo cha muda, na mfanyabiashara anaruhusiwa kujaribu tena hadi mara 15 ndani ya siku 30, hivyo mshahara ukiingia tu, ombi lililokuwa likirudishwa linaweza kupita.

Njia ya tatu ni kubadilisha kadi, na hii huwashangaza hata baadhi ya makarani wa benki. Visa ina huduma iitwayo Visa Account Updater, na Mastercard ina nyingine iitwayo Automatic Billing Updater, ambazo kazi yake ni kuwapelekea wafanyabiashara nambari mpya na tarehe mpya ya mwisho wa kadi pale benki inayoshiriki inapotoa kadi mpya, ili usajili usikatike. Tokeni nayo inaweza kuendelea kufanya kazi baada ya kadi kubadilishwa, kwa kuwa imefungamanishwa na akaunti na haitegemei kipande cha plastiki. Huduma hizo zilibuniwa kwa nia njema ya kumwondolea mteja usumbufu wa kuandika upya nambari ya kadi kila mahali, lakini kwa mteja aliyechoka kukatwa zinageuka kuwa mlango wa nyuma, naye hulipia kadi mpya ambayo haijamletea nafuu yoyote.

Kabla ya kulalamika popote, ni lazima ijulikane nani hasa anayekata. Jina linaloonekana katika taarifa ya akaunti mara nyingi si jina la huduma iliyotumiwa. Aliyejisajili kwa programu ya mazoezi ndani ya simu ya Apple huona APPLE.COM/BILL, na aliyejisajili kupitia Google huona neno GOOGLE likifuatwa na nyota na jina lililofupishwa. Huyo hata akiwaandikia watengenezaji wa programu barua kumi hatasaidiwa, kwa kuwa mkataji ni duka. Vilevile hutokea kwamba mtu ana anwani mbili za baruapepe na amejisajili mara mbili, akafuta usajili mmoja huku ule mwingine ukiendelea, na dalili ya hali hiyo ni kwamba ukurasa wa akaunti unaonyesha kweli usajili umefutwa, lakini tarehe au kiasi kilichokatwa hakilingani na kile cha usajili huo.

Jambo linalofuata ni ushahidi, na hapa ndipo madai mengi yanapoangukia. Kampuni nyingi zimeweka kurasa kadhaa kati ya mteja na mwisho wa usajili wake: ukurasa wa kwanza humuuliza sababu, wa pili humpa punguzo, wa tatu humwambia atakayoyakosa, na kitufe cha kuthibitisha hukaa katika ule wa mwisho. Anayefunga ukurasa baada ya kubofya kitufe cha kwanza hajafuta chochote, ingawa anaamini amefuta. Ni vigumu kuamini kwamba mpangilio huo hutokea kwa bahati, maana kampuni hizohizo humsajili mtu kwa ukurasa mmoja. Ujerumani imelazimika kuweka sheria inayotaka, tangu tarehe 1 Julai 2022, tovuti zinazouza mikataba ya kudumu ziwe na kitufe cha kusitisha kinachoonekana kwa urahisi. Mahali ambapo hakuna sheria ya aina hiyo, mteja hujihakikishia kwa kutazama mambo mawili: kama baruapepe ya uthibitisho imefika, na kama ukurasa wa akaunti umeacha kuonyesha tarehe ya malipo yajayo na badala yake unaonyesha siku ambayo huduma itakoma.

Uthibitisho huo unapaswa kutunzwa siku ileile, kwa kuwa akaunti ikishafungwa mteja anaweza asiweze kuingia tena kuutafuta. Picha ya skrini inayofaa ni ile inayoonyesha ukurasa mzima, pamoja na anwani ya tovuti, anwani ya baruapepe ya mwenye akaunti na tarehe, kwa sababu picha yenye maneno ya kufutwa peke yake haimwonyeshi mchunguzi ni usajili wa nani wala ulifutwa lini. Baruapepe ya uthibitisho iachwe kama ilivyofika na isinakiliwe kwenye ujumbe mwingine, maana ule wa asili una saa ya kutumwa na anwani ya mtumaji. Iwapo uthibitisho haukuja, mteja anaweza kujitengenezea kumbukumbu kwa kumwandikia mfanyabiashara ujumbe mfupi unaotaja jina la akaunti, tarehe na saa ya kufuta, na kauli iliyo wazi kwamba idhini ya kukata kadi inayoishia na tarakimu fulani nne imeondolewa. Maneno hayo ya mwisho yana uzito kuliko malalamiko marefu, kwa sababu kanuni za mitandao ya kadi huuliza tarehe ambayo mwenye kadi aliondoa idhini na njia aliyoitumia kuiondoa, wala haziulizi alikuwa na hasira kiasi gani.

Mfano mmoja wa kubuni utasaidia kuyaweka mambo haya katika mpangilio. Mpiga picha wa Mwanza ana kadi ya Visa ya akaunti yake ya akiba, na hulipia programu ya kusafisha picha dola 12 kila tarehe 9 ya mwezi. Tarehe 2 Machi anafuta usajili, anapata baruapepe inayosema huduma itakoma tarehe 8 Machi, na hapo ni wazi kwamba makato ya Februari hayawezi kudaiwa tena, kwa kuwa yalilipia siku ambazo bado alikuwa mteja. Tarehe 9 Machi anapata ujumbe wa simu kwamba dola 12, kwa thamani ya shilingi, zimekatwa. Siku hiyohiyo anamwandikia mfanyabiashara, akiambatisha uthibitisho na kuomba fedha zirudishwe, kisha anangoja siku chache kwa sababu mbili. Kwanza, wafanyabiashara wengi hurudisha fedha wakionyeshwa ujumbe wao wenyewe. Pili, makato ya siku ya kwanza kwa kawaida ni zuio tu, maana yake benki imetenga fedha bila kuzilipa, na muamala ulio katika hali hiyo hauwezi kupingwa rasmi mpaka uandikwe katika akaunti. Wakati mwingine zuio hupotea lenyewe na fedha zikarudi katika salio. Katika mfano huu zuio halipotei, bali tarehe 11 Machi muamala unaandikwa, na mfanyabiashara hajajibu.

Tarehe 12 Machi mpiga picha anakwenda benki, na anachokiomba huko kinahitaji uangalifu, kwa kuwa maombi ni mawili na kila moja lina njia yake ndani ya benki. Ombi la kwanza ni la wakati ujao: kwamba benki isikubali tena ombi lolote la malipo kutoka kwa mfanyabiashara huyo. Ombi la pili ni la wakati uliopita: kwamba muamala wa tarehe 9 Machi upingwe na fedha zidaiwe. Karani asiyezoea suala hili huelekea kuyachanganya yote katika jibu moja la kuifungia kadi, jibu ambalo halirudishi dola 12 wala, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa, halizuii kwa hakika makato ya Aprili.

Kwa ombi la kwanza, mtandao wa Visa una chombo mahususi kinachoitwa Visa Stop Payment Service, na Mastercard nayo ina huduma ya aina hiyo. Benki huandika humo maelekezo ya kuzuia, na mtandao huyakataa maombi yanayohusika kwa niaba ya benki. Kuna alama tatu za ukatazo: R0 huzuia malipo mamoja, R1 huondoa idhini ya mfanyabiashara mmoja, na R3 huondoa idhini zote zilizotolewa kwa kadi hiyo. Anayelipia huduma nyingine ambazo bado anazitaka anahitaji R1, kwa kuwa R3 itazizima zote kwa pamoja. Tofauti kati ya alama hizo na ile ya 51 ndiyo inayofanya ziara ya benki kuwa na maana, kwani alama za R humwambia mfanyabiashara kwamba haruhusiwi kuliwasilisha tena ombi hilo, hali jibu la kukosa salio humwambia ajaribu siku nyingine. Wafanyakazi wa tawi wanaweza wasiifahamu huduma hiyo kwa jina, na hapo inafaa mteja aombe suala lake lipelekwe kwa kitengo cha kadi makao makuu, akieleza kwa maandishi kwamba ombi lake ni kuzuia malipo ya kujirudia ya mfanyabiashara mmoja, na akinakili jina la mfanyabiashara kama lilivyo katika taarifa ya akaunti, herufi kwa herufi. Mwenye kadi ya kidijitali iliyounganishwa na pochi ya simu, kama ile ya GlobalPay ya M-Pesa nchini Kenya, hupeleka ombi kama hilo kwa huduma kwa wateja ya pochi hiyo, kwa kuwa yeye hana tawi la benki la kwenda.

Ombi la pili hujazwa katika fomu ya kupinga muamala. Visa imeweka fungu la pekee kwa kesi hii, lenye nambari 13.2, linalohusu malipo ya kujirudia yaliyofutwa, na Mastercard huiingiza katika kundi la malalamiko ya mwenye kadi, lenye nambari 4853. Kuchagua fungu sahihi ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, maana mteja akiweka alama kwenye kisanduku cha wizi wa kadi, kwa sababu tu anahisi ameibiwa, atakuwa amedai kwamba hakuwahi kumjua mfanyabiashara huyo, na mfanyabiashara atalipinga dai hilo kwa urahisi kwa kuonyesha malipo ya miezi iliyotangulia ambayo mteja hakuyalalamikia. Muda wa Visa kwa kesi ya aina hii ni siku 120 tangu muamala ulipochakatwa, kwa hiyo wa muamala ulioandikwa tarehe 11 Machi hufikia mwisho wake tarehe 9 Julai; hata hivyo benki nyingi hujiwekea muda mfupi zaidi kwa wateja wao ili zibaki na nafasi ya kuandaa nyaraka, na kungoja mpaka makato yafike matatu au manne ili yadaiwe kwa pamoja ni kamari isiyo na faida.

Baada ya hapo mfanyabiashara hupewa nafasi ya kujibu, na inafaa kujua majibu yanayoshinda. Moja ni kumbukumbu inayoonyesha kwamba mteja aliingia katika huduma na kuitumia baada ya siku anayodai kuwa aliifuta, hivyo mpiga picha wa Mwanza akisafisha picha moja tu tarehe 20 Machi, kwa sababu programu bado inafunguka, atakuwa amewapa wapinzani wake silaha. Jingine ni mkataba wa mwaka unaolipwa kwa mafungu ya kila mwezi: bei imeandikwa kwa mwezi, lakini mteja alikubali miezi kumi na miwili, na kufuta katikati ya mwaka huzuia tu mwaka ujao kuanza. Katika hali hiyo benki inaweza kuzuia makato, lakini deni la mkataba linabaki mahali pake na mfanyabiashara anaweza kulidai kwa njia nyingine. Ikumbukwe pia kwamba fedha zinazorudi katika akaunti mapema mara nyingi ni za muda, na benki inaweza kuziondoa tena iwapo jibu la mfanyabiashara litakubaliwa.

Kwa Waswahili wanaoishi Uingereza, sheria inampa mteja nguvu zaidi kuliko kanuni za mitandao ya kadi. Idhini ya aina hii huko ni haki ya mteja kuiondoa moja kwa moja kwa benki yake, benki haiwezi kumlazimisha aanze kwa mfanyabiashara, na malipo yoyote yanayopita baada ya idhini kuondolewa huhesabiwa kuwa hayakuidhinishwa, ambapo Kanuni za Huduma za Malipo za 2017 zinampa hadi miezi 13 kuyaripoti. Marekani, kwa kadi zinazokata akaunti ya benki, Kanuni E inamtaka mteja aiarifu benki angalau siku tatu za kazi kabla ya tarehe ya malipo, kwa mdomo au kwa maandishi, na benki ikiarifiwa kwa mdomo inaweza kudai uthibitisho wa maandishi ndani ya siku 14, ikiwa ni pamoja na nakala ya ujumbe ambao mteja alimpelekea mfanyabiashara kuiondoa idhini. Ujumbe mfupi uliotajwa hapo juu, kwa hiyo, una kazi katika nchi zote mbili, na aliyeuandika mapema hatahangaika kuutafuta.

Nchini Tanzania, benki isipolishughulikia lalamiko, mteja anaweza kulifikisha Benki Kuu chini ya Kanuni za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, na Kenya nayo ina njia kama hiyo kupitia Benki Kuu yake, lakini mamlaka hizo huanza kwa kuuliza kama lalamiko lilipelekwa kwanza kwa benki yenyewe na lilijibiwa vipi. Kwa hiyo mteja asiondoke dirishani na ahadi ya mdomo. Adai nambari ya kumbukumbu ya ombi la kuzuia na nyingine ya muamala unaopingwa, aandike jina la aliyempokea na tarehe, kisha aitazame taarifa ya akaunti yake katika tarehe mbili za malipo zinazofuata, kwa sababu makato yanayopita baada ya benki kupokea ombi la kuzuia hayamhusu tena mfanyabiashara peke yake, bali benki nayo ina la kujibu.